Usisahihishe Excel kwa karatasi ya majibu: data yako ndiyo impime mtahiniwa

«Nimepewa kazi ya kutunga jaribio la vitendo la Excel kwa waombaji 18 wa nafasi ya karani wa ankara. Muda ni saa moja. Niweke data mistari mingapi, maswali mangapi, na je, chati iwemo? Nimepanga kuwachapishia majibu yao kwenye karatasi kisha nilinganishe nambari na karatasi yangu ya majibu. Naomba uzoefu wenu.»

Karatasi hiyo iache leo hii. Nilisahihisha hivyo hivyo mwaka ule tulipotafuta karani wa mradi wa maji, na nambari zilizolingana ndizo zilizotuponza.

Jaribio letu lilikuwa na usomaji wa mita za wateja, bei ya uniti moja ikiwa shilingi 1,500 kwenye seli B1, na mtahiniwa alitakiwa kukokotoa bili. Tulichapisha kazi zao, tukaweka karatasi yangu pembeni, tukapiga tiki. Aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa na kila nambari sahihi, tukamwajiri. Miezi michache baadaye bei ilipanda hadi shilingi 1,700, mhasibu akabadilisha B1 kama ilivyopaswa, na bili 340 zikatoka zikiwa na bei ya zamani. Karani alikuwa ameandika 1500 ndani ya kila fomula, na B1 ilikuwa pambo tu. Mwezi ule wateja walitumia uniti 4,080, kwa hiyo tofauti ya shilingi 200 kwa uniti ilifika shilingi 816,000. Wateja walikuwa wameshalipa na kupewa risiti, na hakuna aliyekubali kudaiwa tena. Nilipofungua faili lake la jaribio, ambalo kwa bahati lilikuwa bado limehifadhiwa, nikalikuta kosa lile lile limekaa pale tangu siku ya usaili:

```
=E6*1500+2000
```

Karatasi iliyochapishwa haionyeshi fomula. Inaonyesha 20,000, na 20,000 ya aliyetumia seli ya bei inafanana kabisa na 20,000 ya aliyeandika bei kwa mkono, na hata na ya aliyetumia kikokotoo cha simu yake kisha akaandika jibu.

Lililoniuma zaidi ni upande wa pili. Mtahiniwa mmoja alikuwa ameandika fomula zote vizuri, lakini aliponakili usomaji wa mita alikosea tarakimu moja. Bili ya mteja huyo ikaharibika, jumla ya mtaa ikaharibika, jumla kuu nayo ikaharibika, nami nikamkata alama mara tatu kwa kosa moja la kidole. Tulimrudisha nyumbani mtu aliyejua kazi.

Ushauri huo wa karatasi tulipewa na mkufunzi aliyetuendeshea semina ya siku mbili na kulipwa vizuri kwa kazi hiyo. Maneno yake nayakumbuka: «Nambari ikilingana na ya kwako, mpe alama zote, usipoteze muda kuangalia ndani.» Mtu anayefundisha wengine kutunga mitihani hana haki ya kusema hivyo. Kilicho ndani ya seli ndicho tunachopima. Kama tungetaka nambari peke yake, tungewapa kalamu na kikokotoo.

Tangu hapo nina kanuni moja ambayo siivunji: kila alama iliyomo kwenye mwongozo wa usahihishaji iwe na mstari wa data unaomfichua aliyekosea. Kabla ya kuandika «alama 1», jiulize mtu asiyejua angeandika nini, kisha uhakikishe kwamba data yako inampa jibu tofauti na la anayejua. Zikitoka sawa, alama hiyo haipimi kitu.

Nikuonyeshe kwa data ninayotumia sasa, kwa kuwa maelezo matupu hayatoshi. A1 hadi A3 zina maelezo, na pembeni yake B1 ni bei ya uniti, 1500. B2 ni ada ya huduma ya mwezi, 2000. B3 ni kikomo cha matumizi makubwa, 20. Mstari wa 4 uko wazi, mstari wa 5 una vichwa vya safu, na wateja wanaanzia mstari wa 6 hadi wa 13. Safu A ni namba ya mteja, B ni mtaa, C ni usomaji wa awali na D ni usomaji wa sasa:

```
M01,Sokoni,210,222
M02,Bondeni,95,114
M03,Sokoni,318,338
M04,Mlimani,402,423
M05,Bondeni,145,145
M06,Mlimani,77,84
M07,Bondeni,260,275
M08,Sokoni,51,59
```

Data hii wape ikiwa tayari ndani ya faili, wasiichape wenyewe. Kama unataka kupima uchapaji, upime peke yake na uupe alama zake, ili kosa la kidole lisiingie kwenye fomula kama lilivyoingia kwetu.

Mtahiniwa akokotoe uniti kwenye safu E, bili kwenye safu F, kundi la matumizi kwenye safu G, na jumla ya bili za mtaa wa Sokoni kwenye seli utakayoitaja. Fomula ninazozitarajia ni hizi:

```
E6:  =D6-C6
F6:  =E6*$B$1+$B$2
G6:  =IF(E6>=$B$3,"Kubwa","Kawaida")
F15: =SUMIF(B6:B13,"Sokoni",F6:F13)
```

Sasa tazama jinsi mistari ilivyopangwa. M03 ametumia uniti 20 kamili, na maelezo ya swali yanasema matumizi makubwa ni «uniti 20 au zaidi». Anayeandika `>` badala ya `>=` atampa M03 neno «Kawaida», na hapo utamwona. M02 mwenye uniti 19 na M04 mwenye 21 hawawezi kukuonyesha kosa hilo, kwa sababu kwao fomula zote mbili zinatoa jibu lile lile. Katika jaribio letu la kwanza hakukuwa na mteja hata mmoja aliyesimama juu ya kikomo, kwa hiyo alama mbili nzima niliwagawia watu bila kujua nani ameelewa neno «au zaidi».

M08, mteja wa mwisho, ni wa Sokoni, nami nimemweka hapo kwa makusudi. Jumla sahihi ya Sokoni ni 66,000, na anayekomesha masafa yake kwenye mstari wa 12 atapata 52,000. Kama mteja wa mwisho angekuwa wa Bondeni, mtu huyo angepata 66,000 vilevile na ungempa alama zote. Vilevile, usimweke popote mteja wa uniti 1 ukadhani anapima bili: anayeandika `=E6*($B$1+$B$2)` atapata 3,500 kwa mteja huyo, sawasawa na aliye sahihi, ilhali kwa M01 mwenye uniti 12 atapata 42,000 badala ya 20,000.

Kosa la kusahau alama za dola nalo linajificha, kwa sababu mstari wa kwanza huwa sahihi daima. Fomula isiyo na dola inatoa 20,000 kwa M01. Ikinakiliwa chini inahama, M02 anapata 38,020 badala ya 30,500, M03 anapata 400, na kuanzia M04 inaleta `#VALUE!` kwa kuwa imefika kwenye kichwa cha safu. Msahihishaji aliyechoka anayetazama F6 peke yake atapiga tiki. Kwa hiyo anza kusahihisha kutoka mstari wa 13 ukipanda juu.

Alama za bili nazigawa nne, kila moja ikisimama peke yake: moja kwa kuzidisha uniti kwa bei, moja kwa kujumlisha ada mara moja tu, moja kwa kuzitaja seli za bei na ada badala ya kuandika nambari, na moja kwa fomula iliyofika hadi F13 bila kuharibika. Aliyeandika `=E6*1500+2000` anapata tatu na kupoteza ile moja, na hiyo ndiyo tofauti ambayo karatasi ilininyima. Aliyekosea safu E lakini akaitumia vizuri kwenye safu F anapata alama zote nne za bili, kwa sababu kosa lake limeshalipiwa kwenye E. Andika pia kwenye mwongozo kwamba njia nyingine sahihi zinakubaliwa. Anayeandika `=IF(E6<$B$3,"Kawaida","Kubwa")` amefanya jambo lile lile, na asikatwe kwa sababu tu hakuandika kama wewe.

Kupata ukweli hakuchukui muda unaouogopa. Fungua faili la mtahiniwa, hifadhi nakala, andika 1700 kwenye B1, kisha tazama F13. Ikitoka 14,000 kwenda 15,600, bei imeunganishwa. Ikibaki 14,000, nambari imeandikwa kwa mkono. Usijaribu jambo hili kwenye mstari wa M05: hakutumia maji, bili yake ni ada tu ya 2,000, na haitabadilika hata kwa mtahiniwa bora kuliko wote. Kisha fanya hivyo hivyo na ada kwenye B2. Baada ya hapo bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha ` kilicho juu ya Tab, na fomula zote zitaonekana kwa mara moja. Kwa watahiniwa 18 utamaliza kabla ya chai ya saa nne ikiwa umeanza saa mbili.

Siku moja kabla ya jaribio, kaa kwenye kompyuta ile ile watakayotumia na utengeneze mwenyewe faili tatu zenye makosa: moja yenye bei iliyoandikwa kwa mkono, moja yenye `>` badala ya `>=`, na moja yenye masafa yanayoishia mstari wa 12. Mpe mwenzako azisahihishe kwa mwongozo wako bila kumwambia kosa liko wapi. Faili yoyote itakayorudi ikiwa na alama zote inakuonyesha mstari wa data au alama ya mwongozo unayopaswa kuirekebisha usiku huo, kabla ya waombaji wako 18 hawajafika.