Piga Picha ya Maandishi Vizuri Kabla ya Kuilaumu Tafsiri

Wiki iliyopita msomaji mmoja, fundi wa pampu za maji, aliniandikia akilalamika kwamba programu ya kutafsiri kwenye simu yake imemwambia awashe pampu kabla ya kuijaza maji. Nilimwomba anitumie picha aliyoipiga. Ilikuwa ya kijikaratasi cha maelezo ya Kichina, chembamba na chenye kung'aa, na mwanga wa flashi ulikuwa umeacha doa jeupe juu ya maneno yanayokataza. Programu haikusema kwamba kuna maneno yamefutika. Ilitunga sentensi safi kutokana na yaliyobaki. Hilo ndilo linaloniudhi kila ninaposikia watu wakiilaumu tafsiri, kwa sababu kosa huwa limekwisha kutendeka kwenye picha.

Nilimwelekeza aanze na mwanga. Flashi izimwe, karatasi ilazwe mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, naye akae dirisha likiwa ubavuni, kwani likiwa mgongoni kivuli chake huangukia maandishi. Kwa kuwa karatasi ilikuwa imechapwa pande zote mbili, nilimwambia aweke kitu cheusi chini yake; herufi za upande wa pili zikapotea.

Pembe ni rahisi kuipima. Mgongo wa simu uwe sambamba na karatasi, na kingo za karatasi zifuate kingo za kioo. Upande mmoja ukionekana mfupi kuliko mwingine, simu imeinama, na herufi za upande ulio mbali huwa ndogo na hafifu. Mikunjo nayo inyooshwe, kwa maana mstari uliopinda huweza kusomwa kama mistari miwili.

Umbali ndio unaowaponza wengi, maana anayeanza hudhani kwamba kusogea karibu kabisa kunasaidia. Kamera nyingi za simu hushindwa kulenga vizuri chini ya sentimita 10 hivi, na simu yenyewe hutia kivuli. Mimi hushika simu sentimita 25 hadi 30 juu ya karatasi. Picha ya megapikseli 12 inayojazwa na ukurasa mmoja wa A4 hutosha kwa maandishi ya kawaida ya kitabu. Kwa maandishi madogo ya Kichina, ambayo herufi moja hubeba mistari mingi iliyobanana, piga nusu ukurasa, kisha nusu nyingine, bila kukata sentensi katikati. Kama kuna safu mbili, kila safu ipigwe peke yake, la sivyo programu huunganisha mistari isiyohusiana.

Picha ya pili ya fundi yule ilitoa katazo kamili: ni marufuku kuwasha pampu kabla ya kuijaza maji. Nilifurahi mno, lakini sikumruhusu aishie hapo. Kuza picha hadi uone mistari midogo ndani ya herufi, kisha linganisha tarakimu za karatasi na za tafsiri, hasa nukta za desimali, kwa sababu 2.2 ikisomwa 22, hata maneno yanayoizunguka hayaaminiki, na picha hiyo ipigwe upya.