Kabla hujanunua polaraiza ya kupigia fremu za kioo

*"Wakuu, niko Nakuru. Wikendi ijayo nashuka nyumbani Vihiga. Kuna picha tatu za marehemu babu ukutani, zote ziko kwenye fremu za kioo, na moja imegandana na kioo haitoki. Nataka kuzipiga niweke kwenye programu ya mazishi. Nimeona polaraiza mahali, ile filta ya kufunga mbele ya lenzi ili ikate mng'ao, kesho nailipia. Ni saizi na aina gani nzuri? Mng'ao ukibaki, ni apu gani ya simu itauondoa?"*

Usilipe. Kama umeshatuma pesa, mpigie jamaa sasa hivi akurudishie.

Mimi niko Kisumu, na hiyo njia yako nimeshaipita nikaacha ngozi. Jirani yetu alifiwa na mumewe. Picha pekee ya mzee akiwa kijana ilikuwa ya studio, nyeusi na nyeupe, kwenye fremu ya upana wa sentimita 30 hivi, imeshikana na kioo kama yako. Fremu inatazamana na mlango wa sebule, na mlango hauwezi kufungwa maana waombolezaji wanaingia na kutoka. Ukiitazama, unaona mlango mzima ukiwaka usoni pa mzee.

Nikakimbia mjini. Muuza duka hakunipa hata nafasi ya kueleza fremu iko wapi. Alinitoa nje mpaka kwenye gari lililoegeshwa, akaniwekea polaraiza mbele ya jicho, akaizungusha taratibu. Mawingu yote yaliyokuwa kwenye kioo cha mbele yakayeyuka, nikaona hadi risiti ya maegesho iliyokuwa juu ya dashibodi. Nikalipa 4,500 bila hata kuomba kupunguziwa, mimi ninayebishana bei ya sukumawiki.

Nikarudi, nikasimama sawasawa mbele ya fremu, nikazungusha. Mlango uko pale pale. Nikazungusha tena, nikazungusha mpaka mjane akaniuliza kama kifuniko kimekwama. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba picha iliingia giza, kwa sababu hiyo filta inakula nusu ya mwanga au zaidi.

Sababu niliijua baadaye. Polaraiza huzuia mwanga unaotetema upande mmoja tu. Mwanga ukigonga kioo kwa mshazari, unaorudi huwa umepangwa upande mmoja, ndiyo maana filta inaweza kuukata. Kwa kioo cha kawaida kazi hiyo inakamilika ukiwa umeuacha mstari wa kutazama sawasawa kwa nyuzi 56 hivi. Ukisimama mbele kabisa, mwanga unaorudi haujapangwa hata kidogo, na filta haina cha kukata. Kioo cha gari kimelala, cha fremu kimesimama wima mbele yako. Yule jamaa alichagua kioo kilichompendeza yeye, na bado namdai.

Sasa mtu atakuambia, basi simama upande. Ukisimama kwenye pembe hiyo, ile fremu ya sentimita 30 kamera inaiona kama ya 17. Utalazimika kuivuta iwe pana kwenye kompyuta, na upande wa mbali wa uso utakuwa na ukungu. Babu yako atatoka kama aliyegongwa na mlango wa lifti.

Mimi nikaona nitamalizia kwa kuhariri. Nikafungua Lightroom, nikavuta Dehaze, kile kitelezi cha kuondoa ukungu, uso wa mzee ukawa mkaa. Pale mlango ulipowaka zaidi palikuwa peupe kabisa, hakuna shavu chini yake la kufufua, kwa hiyo nikanakili ngozi ya shavu la pili nikabandika. Kwenye laptopu ilionekana safi. Tukachapisha nakala 300. Siku ya mazishi, binti wa marehemu akanionyesha jalada, akauliza polepole, "Kaka, huyu amesimama kwenye koti la baba ni nani?" Kwenye giza la koti, pale ambapo sikuangalia, kulikuwa na mtu mdogo amevaa fulana nyeupe, ameinua viwiko, ameshika kamera. Nakala 300, na mimi kwenye kila moja. Nimehudhuria mazishi hayo mara mbili, kama mwombolezaji na kama mzimu.

Kwa hiyo shika hili moja: kioo hakitoi mng'ao wake, kinarudisha tu kilicho mbele yake, basi kiwekee weusi mbele yake. Nilinunua mita moja na nusu ya mahameli nyeusi pale sokoni Kibuye kwa pesa isiyofika hata robo ya ile filta. Usichukue bitana ya suti, inang'aa. Toboa tundu katikati linalotosha lenzi, watu wawili washike kitambaa kikiwa kimenyooka, lenzi ichungulie.

Ukubwa wa kitambaa una hesabu yake. Kikiwa usawa wa lenzi, kinatakiwa kiwe angalau mara mbili ya fremu, kwa upana na kwa urefu, uwe karibu au mbali. Fremu ya 30 kwa 40 inadai kitambaa cha 60 kwa 80. Mara ya kwanza nilitumia kidogo, nikapata picha safi katikati na ukanda mweupe pembeni. Ukiona ukanda kama huo, jua upande huo kitambaa kimeisha.

Mwanga wa kupigia utoke pembeni, dirisha la kushoto au kulia karibu na ukuta wenyewe, usitoke nyuma yako. Zima taa za ndani. Kama fremu inatazamana na mlango kama ile yangu, ing'oe ukutani uihamishe, sijui kwa nini mimi sikuwaza hilo.

Kabla ya kupiga, bandika kioo kidogo cha kujitazamia katikati ya fremu, kilale bapa juu ya kioo chake. Sogeza kamera mpaka uone lenzi yako mwenyewe katikati ya hicho kioo. Hapo kamera na fremu vimetazamana sawasawa, hutahitaji kunyoosha chochote baadaye. Toa kioo, tumia stendi na kihesabio cha sekunde mbili.

Ukikosa kitambaa kikubwa, bado kuna njia. Funga kamera kwenye stendi, weka mipangilio yote kwa mkono ili mwanga usibadilike, kisha piga mara mbili: mara kitambaa kikiwa kimefunika kulia, mara kushoto. Ziweke picha hizo moja juu ya nyingine kwenye Photoshop, uchague `Darken` kwenye safu ya juu. Kwenye GIMP inaitwa `Darken only`. Mng'ao huongeza mwanga tu, haupunguzi, kwa hiyo kila mahali programu itachukua upande wenye giza, ambao ndio picha halisi. Lakini kama mng'ao umekaa mahali pamoja kwenye zote mbili, utabaki.

Ile iliyogandana usijaribu kuichomoa. Ipige ikiwa humo humo.

Na fulana nyeupe iache Nakuru.