Delivari bure ianzie shilingi ngapi?

"Nauza mikoba 25,000, dukani niko Kariakoo, wateja wanataka delivari bure, niweke kuanzia sh ngapi nisile hasara?"

Dada usianzie kwa bei, anzia kwenye faida. Tuseme mkoba na mfuko wake vinakugharimu 16,500, unabaki na 8,500, sasa boda wa Tegeta akitaka 7,000 ukamlipa wewe umebakiwa na 1,500, na hapo hujatoa bando wala makato ya kutolea hela. Ila akichukua miwili faida ni 17,000, toa boda unabaki na 10,000, safari ni ileile moja. Kwa hiyo weka 50,000. Ukiweka 40,000 mtu atajazia na vitu vidogo afike, faida kwa uwiano uleule ni kama 13,600, toa boda unabaki na 6,600, yaani umeuza zaidi ukapata chini ya mkoba mmoja aliolipia usafiri mwenyewe!

Chini ya 50,000 mteja alipe kwa eneo, Upanga asilipe sawa na Tegeta. Wa mikoani alipie basi mwenyewe. Halafu andika kabisa kwamba akirudisha mmoja anakatwa nauli, maana wapo wanaoagiza miwili wapate bure alafu mmoja "haujanipendeza".