Re: Wageni hawafungui tangazo langu

"Nyumba yangu ya Bamburi inatokea kwenye matokeo ya utafutaji lakini hakuna anayeifungua. Nishushe bei?"

Bei usiiguse kwanza, ndugu. Anayepitisha kidole kwenye simu huona kwanza picha moja, maneno machache, jina la mtaa na bei. Maelezo yako mazuri yako ndani, na ndani hajafika. Wangekuwa wanafungua bila kubuku, hapo ningeshuku bei au picha za ndani.

Picha ya kwanza isiwe geti wala jengo kwa nje. Piga sebule na veranda asubuhi, mapazia wazi, taa zimewashwa. Futa lenzi, simama pembeni mwa chumba, shika simu kwa upana, usawa wa kifua. Unachotaka kionekane kiweke katikati, maana kingo mara nyingi hukatwa.

Kichwa "Nyumba nzuri tulivu ya kupendeza" kila mtu anacho. Andika: "Vyumba 2, kiyoyozi, ufuo dakika 5 kwa miguu", ikiwa ni kweli na umetembea ukapima. Mwisho wa kichwa huweza kukatwa, kwa hiyo vyumba vitangulie. Bamburi usiirudie kama tayari inaonyeshwa chini.

Hakikisha pia alama ya ramani haijabaki katikati ya mji wa Mombasa, kisiwani. Anayetafuta pwani ya kaskazini akiisogeza ramani huko, nyumba yako haitamtokea kabisa.

Kisha jitafute kwa simu ya mtu mwingine, uione picha ikiwa ndogo. Kama veranda haitambuliki, piga tena.