Kabla ya kuuongezea mkakati mtaji, pima shimo lake upya

Nilianza akaunti ya trading na dola 10,000, nikafika 12,400, kisha nikashuka hadi 10,540. Hapo nikaweka 3,000 nyingine. Leo nina 14,200 na mchoro unaonyesha kilele kipya. Nimeshatoka shimoni?

Bado. Kilele hicho umekinunua kwa pesa ya mfukoni. Drodauni, yaani kina cha shimo, hupimwa kutoka kilele hadi bonde lililofuata, wala si kutoka mtaji wa kuanzia. Kwa hiyo 12,400 ikiporomoka hadi 10,540 umepoteza 15%, na kutoka bondeni ulihitaji faida ya karibu 18% ili urudi pale pale.

Ili amana isivuruge hesabu, gawa akaunti katika vipande, kama mifuko ya uwekezaji wa pamoja inavyofanya. Siku ya kwanza una vipande 10,000 vya dola 1. Kileleni kipande kilifika 1.24, bondeni 1.054. Zile 3,000 zilinunua vipande 2,846 kwa bei ya bondeni, na bei yenyewe haikuguswa. Sasa gawanya 14,200 kwa vipande 12,846 upate 1.105, yaani bado uko karibu 11% chini ya kilele. Utatoka salio likifika takriban 15,930.

Bei ya kipande ya kila siku ikiwa safu B, andika hivi kwenye C2 na D2, uburute hadi chini. Namba ndogo kuliko zote katika safu D ndiyo drodauni yako kubwa.

```
=MAX(B$2:B2)
=B2/C2-1
```

Mchoro wangu unapanda kama ngazi miezi saba sasa, drodauni 2% tu. Si unastahili mtaji mara tano?

Mchoro ulionyooka hivyo hunitia shaka kuliko wenye mabonde. Kwanza angalia ni mstari upi unaousoma. Balance huhesabu miamala iliyofungwa tu, ilhali Equity hujumlisha na hasara inayoelea. Mkakati unaofunga faida haraka na kuachia hasara wazi huchora Balance safi kabisa huku Equity ikizama.

Kisha fungua orodha ya miamala. Je, loti, yaani ukubwa wa muamala, hukua baada ya hasara? Je, miamala ya hasara hukaa wazi kwa siku nyingi, na ya faida kwa saa chache? Ukijibu ndiyo, hiyo 2% haipimi hatari yako, maana hasara yenyewe haijafungwa. Usiongeze hata senti.

Nina miamala 200, nashinda 45%, ushindi hunipa mara mbili ya ninachohatarisha, na nahatarisha 1% kila mara. Drodauni kubwa ni 9%. Uvumilivu wangu ni 20%, basi nikihatarisha 2% si nitabaki ndani?

Hesabu yako inadhani 9% ndiyo mwisho wa mkakati, kumbe ni njia moja tu kati ya nyingi. Kwa kushinda 45%, uwezekano wa kupigwa mara nane mfululizo ndani ya miamala 200 ni kama nusu kwa nusu. Mfululizo huo peke yake, ukihatarisha 2%, unakula karibu 15%, na mashimo makubwa kwa kawaida huwa na mifululizo miwili au mitatu iliyotenganishwa na ushindi mchache.

Fanya hivi: changanya mpangilio wa miamala yako kama karata, mara 1,000, na kila mara uandike drodauni iliyotokea. Panga matokeo kutoka dogo hadi kubwa, uchukue la 950. Tuseme ni 16%. Gawanya 20 kwa 16, utaona unaweza kupanda hadi takriban 1.2%. Kwa 2%, shimo hilo hilo lingekaribia 30%.

Kuna tahadhari moja. Kama hasara zako huja kwa makundi, tuseme soko likikosa mwelekeo, kuchanganya mmoja mmoja huyavunja makundi hayo na kukupa namba ya kufurahisha. Changanya kwa mafungu ya miamala kumi yaliyofuatana.

Niongeze mkakati ukiwa kileleni au shimoni?

Kokote, mradi siku uliipanga mapema. Mimi hukagua kila baada ya miamala 100: drodauni ya kweli ikiwa ndani ya ile namba ya 950, naongeza theluthi ya nilichokusudia. Ikiwa nje, sigusi mtaji hadi nijue kilichobadilika. Zamani nilifuata msisimko. Baada ya miezi miwili mizuri iliyoniingizia dola 700, nikaipandisha akaunti hadi 20,000 na loti nikazikuza vivyo hivyo. Shimo la kawaida la 8% lililofuata lilichukua 1,600.