Re: Picha ya swali imekatwa ukingoni

"Mtoto wa dadangu yuko Lamu kanitumia picha ya hesabu, naona x² − 7x + 1 halafu mbele pamekatwa, nimjibu vipi?"

Salaam ndugu, kwanza mwambie apige tena ukurasa mzima. Akichelewa usikisie kimyakimya, manake ikiwa ni 10 majibu ni 2 na 5, ikiwa 12 ni 3 na 4, zote zatoka safi kwa hivyo jibu kutoka safi si ushahidi. Na "= 0" mwishoni pia ni kudhania, kwenye picha haionekani, huenda swali lataka mabano tu, (x − 3)(x − 4).

Mimi ningemuandikia juu kabisa: "Nimechukulia ni x² − 7x + 12 = 0. Kama mwisho ni namba nyingine, tafuta mbili zinazojumlika 7 na kuzidishana zitoe hiyo yako." Hivo hata nikikosea namba, njia anayo.