Barua niliyomwandikia mpiga picha ili amtoe wifi kwenye picha ya familia

Tangu niweke hapa picha yetu mpya ya familia, dada mmoja wa Mbale ameniandikia akiuliza nilimwambia nini mpiga picha mpaka kazi ikatoka safi vile. Dada yake ameachana na mumewe, na shemeji huyo bado anawatazama kutoka picha ya harusi kwenye ukuta wa sebuleni. Namjibu hapa hapa, maana najua hayuko peke yake.

Picha yetu ilipigwa nyumbani Jinja siku ya Idd, jua likiwa limeshuka kidogo. Mama amekaa katikati na gomesi lake la zambarau, sisi tumemzunguka, na pembeni kabisa amesimama aliyekuwa wifi yangu, mkono wake ukiwa begani kwa binti yake. Ndoa ya kaka ilipovunjika, wifi alimwita mama mchawi mbele ya majirani. Mama alinyamaza. Mimi sijasahau wala sitajifanya nimesahau. Kiti anachokalia mama akinywa chai kinatazamana na ile picha, na siku moja nilimkuta ameigeuza, uso ukutani. Hapo nikaamua kulishughulikia.

Kaka alikuwa ameshajaribu njia ya mkato. Alipeleka picha iliyokuwa kwenye fremu kwa duka moja la kuchapa, wakaipiga kwa simu, wakakata upande na kuichapa upya. Ikarudi na ukungu, mng'ao wa taa juu ya uso wa mjomba, na vidole vinne vya wifi vimebaki begani kwa mtoto. Picha iliyokwisha kusafishwa huwezi kuipiga tena ukapata ubora ule ule. Hata ile uliyotumiwa kwa Watsapu kwa kawaida imeshapunguzwa njiani. Faili lenyewe analo mpiga picha, na tena ni kazi ya mkono wake. Kwa hiyo mwandikie yeye, kwa heshima, na umwandikie kwa maneno yanayoonyesha kitu kimoja kimoja. Hii ndiyo barua yangu:

"Assalam aleikum kaka. Ni mimi uliyetupigia picha ya familia siku ya Idd, ile mama amekaa katikati na gomesi la zambarau. Naomba utusafishie nakala mpya kutoka kwenye faili lako la mwanzo. Ukiitazama picha, mtu wa mwisho mkono wako wa kulia, mwenye buibui jeusi na mtandio wa kijani, hatumhitaji tena kwenye nakala hii. Msichana wa gauni la njano aliye mbele yake ni wetu, abaki mzima. Mkono ulio begani kwake uondoke pia. Nakumbuka ulipiga picha kadhaa mfululizo, huenda kuna moja ambayo bega hilo liko wazi. Fremu yetu ni inchi 20 kwa 30. Niambie kwanza kama itafaa au tubadilishe. Tafadhali picha ya mwanzo usiifute, na hizi mbili usiziweke pamoja kwenye ukurasa wako. Nitalipa nusu sasa na nusu nikishaona kazi kwenye skrini. Shukrani."

Angalia nilivyomtaja mtu. Ukiandika "wa kulia" tu, mpiga picha hajui kama ni kulia kwako unayetazama au kulia kwa waliosimama, na atakukatia mjomba. Taja nguo, taja nafasi. Sababu ya talaka sikuiandika, kwa kuwa haimsaidii kukata.

Jibu lake lilinifunza jambo ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo ni umbo. Faili lilikuwa la pikseli 6000 kwa upana na 4000 kwa urefu. Kumtoa wifi kulihitaji kukata kama 1200 upande wa kulia. Lakini ukikata upande mmoja tu, mama haonekani tena katikati, anakuwa kama amesukumwa pembeni. Bahati nzuri upande wa kushoto ulikuwa na michongoma mitupu, akakata 400 huko. Zikabaki 4400 kwa 4000, karibu mraba. Fremu ya 20 kwa 30 ni ndefu ubavuni, kwa hiyo kuijaza kungetaka kupunguza urefu mpaka kama 2930, na hapo miguu ya watoto waliokaa chini ingekwenda. Akashauri inchi 16 kwa 20. Urefu ukashuka hadi 3520, zikaenda mbingu na nyasi tu, na kila inchi ya karatasi ikapata nukta 220. Kwa picha ya ukutani hizo zinatosha kabisa. Mama alitaka fremu yake ya zamani ibaki, lakini picha ndogo ndani yake ingeacha inchi mbili juu na chini, na inchi tano kila ubavu. Tukanunua mpya.

Mkono ndio uliokuwa kazi. Kukata hakuondoi kitu kilicho juu ya mtu anayebaki. Kwenye picha iliyofuata ile, wifi alikuwa ameushusha mkono ili kurekebisha mtandio, basi mpiga picha akachukua bega hilo na kulipandikiza kwenye picha yetu. Nilipokwenda kuona kazi nilimwomba akuze mpaka mishono ya gauni ionekane. Maua ya kitambaa yaliungana vizuri, lakini kwenye kanzu ya mjomba kulikuwa na kivuli cha mtu asiyekuwepo, maana jua lilitokea upande wa wifi. Akakipunguza. Ndugu zangu, msilipe nusu ya pili kabla ya kutazama vivuli na mipaka ya nguo, hata kama mpiga picha ni rafiki yenu. Ikishatoka kwenye karatasi, kurudia ni gharama yako.

Na kuhusu kutoifuta picha ya mwanzo: yule binti wa gauni la njano ni damu ya wifi. Nilimwuliza kabla ya kuandika barua. Akasema, "Shangazi, ukutani sawa, lakini mimi naitaka ile yenye mama." Nakala yake ipo sandukuni kwake, na hakuna atakayeigusa. Mkipata uchungu na mtu, msimlipishe mtoto wake. Ndiyo maana pia nilikataza zisiwekwe pamoja mtandaoni. Wapiga picha hupenda kuonyesha kabla na baada, na watoto wa wifi wanaye kwenye simu zao.

Sasa dada yangu wa Mbale, umesema shemeji amesimama katikati, kati ya dada yako na baba. Hapo usiandike "mkate". Ukimtoa wa katikati linabaki pengo, na kuwasogeza waliobaki kunataka sakafu, pazia na vivuli vya nyuma vikutane upya. Kwenye pazia lenye mistari kosa linaonekana ukiwa mlangoni. Mwandikie hivi: kwenye faili zako za siku ile, kuna picha dada amesimama na baba peke yao, au na wazazi tu? Harusini hupigwa nyingi ambazo hazikusafishwa. Mwombe akutumie ndogo ndogo zote uchague, kisha asafishe hiyo kwa kipimo cha fremu mliyonayo.